Fundo, Mkasi na Mlango: Hotuba ya Koja la Nyuzi

(Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi kwenye mkutano wa kikundi chetu cha kufuma hapa Moshi. Mvua iliwazuia wengi huko milimani, na simu zimekuwa haziishi. Nimeyaandika yote kama nilivyoyasema, na mizaha yake.)

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Akina mama na akina dada, habari za mvua? Na ninyi wanaume wanne mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka, karibuni, sogeeni. Leo kuna kazi ya mkasi, na nyuma hapo hamtaona kitu.

Nimeambiwa nizungumze juu ya makoja ya nyuzi. Mmeyaona, yale ya mipira ya manyoya na vishada yanayoning'inia kwenye rafu au juu ya mlango. Ile mipira wengi tunaiita pompomu. Mama yangu aliiita vishungi. Binti yangu anasema ni vifaranga. Mimi nitasema pompomu, na ile mingine yenye shingo na mkia nitaiita vishada. Koja ni koja, kama lile la asmini, ila hili halinyauki.

Nyuzi tunazo. Nani humu ndani hana mfuko wa mabaki chini ya kitanda? Mkono mmoja tu? Mama, wewe njoo kwangu. Mji huu tunafuma sweta za shule, na kila sweta linaacha donge dogo lisilotosha hata soksi. Bluu ya shule ile, kijani ya shule hii, maruni, njano ya kola. Mabaki hayo yanatosha. Kwa koja moja la mlango tunahitaji kiasi cha mita 170 za uzi, rangi zote zikijumlishwa. Donge jipya la gramu 100 la uzi wa sweta kwa kawaida lina mita 200 hivi, na lebo yake inakwambia. Kwa hiyo ni chini ya donge moja.

Na vifaa? Mkasi wenye ncha kali. Kipande cha boksi gumu. Uma wa mezani. Shazia, ile sindano ya kushonea magunia. Basi. Kuna vifaa vya plastiki vya kutengenezea pompomu, nimewahi kununua seti. Kimoja kilivunjika bawaba, kingine watoto walikifanya gari. Tangu hapo natumia boksi la sabuni.

Sasa nisikilizeni. Nimetengeneza makoja mengi na nimeharibu mengi, na yaliyoharibika yote yaliharibikia mahali patatu. Fundo. Mkasi. Mlango. Hapo ndipo nitakapokaa leo.

Nianze na fundo.

Koja langu la kwanza nililitengenezea ubarikio wa mtoto wa dada yangu. Pompomu ishirini na moja, nikazipanga juu ya kabati la vyombo, nikajiona fundi. Wageni wakafika. Mtoto mmoja wa miaka minne akanyoosha mkono, akavuta uzi mmoja. Ukaja. Akavuta wa pili. Ukaja. Mnajua mtoto akigundua kitu kinakuja anafanya nini? Kabla wali haujapakuliwa, pompomu tatu zilikuwa sakafuni kama kuku aliyenyonyolewa. Mama mkwe wa dada yangu akaokota uzi mmoja kwenye sahani yake ya kachumbari, akauinua hivi, akaniangalia. Hakusema neno.

Kosa lilikuwa wapi? Nilifunga pompomu kwa uzi uleule wa sweta. Ule ni uzi wa akriliki, laini, unavutika. Ukiuvuta kidogo unanyooka, ukidhani umekaza. Ukiuvuta sana unakatika mkononi. Kwa hiyo unafunga kwa woga, na fundo la woga linashika nyuzi za nje tu. Zile za ndani zimekaa bure.

Pompomu ni nini hasa? Ni nyuzi mia mbili zilizobanwa kiunoni na uzi mmoja. Hakuna gundi, hakuna mshono. Huo mmoja ukilegea, hakuna kingine kinachoshika. Kwa hiyo huo mmoja usiwe wa sweta. Tumieni uzi wa pamba wa kufumia vitambaa vya meza, ukiukunja mara mbili. Au uzi wa fundi viatu. Nailoni ya kuvulia samaki ina nguvu lakini inateleza, fundo linajifungua lenyewe usiku mkiwa mmelala. Uzi wa pamba ukiupitisha mara mbili tatu kwenye kipande cha mshumaa, unashika vizuri zaidi.

Tazameni mikono yangu. Hiki ni kipande cha boksi, upana sentimita 8, nimeunganisha mawili kwa gundi ili yasijipinde. Katikati nimekata mpasuo, kutoka ukingo huu wa juu kushuka sentimita 6. Sasa kimekuwa kama suruali, mnaona? Miguu miwili na nafasi katikati. Nazungusha uzi kukatiza miguu yote miwili, raundi 100, zote zikae pamoja kwenye upana wa vidole viwili hivi. Msivute. Ukivuta, miguu ya suruali inakaribiana, na raundi za mwisho zinakuwa fupi kuliko za mwanzo. Nikiona boksi limeanza kujikunja, najua nimekaza mno.

Uzi ukiwa mwembamba, raundi 100 hazitoshi. Nendeni 150 au hata 200. Mtajuaje? Bonyezeni kile kifungu kwa vidole. Kikiwa kama mkate uliochacha, kinatosha. Kikiwa kama mkate wa juzi, kimezidi, na fundo halitafika moyoni.

Sasa kile kipande cha uzi wa pamba, urefu wa mkono, sentimita 40. Naupitisha kwenye mpasuo, chini ya kifungu, unatokea upande wa pili, unarudi juu. Hapa sikilizeni. Fundo la kawaida tunapitisha ncha mara moja, sivyo? Hapa pitisheni mara mbili. Ncha inazunguka mwenzake mara mbili kabla ya kuvuta. Kwa nini? Kwa sababu fundo la mara moja likikazwa linarudi nyuma ukiachia kidole ili ufunge la pili. La mara mbili linajishika lenyewe, linakusubiri. Nakaza mpaka kifungu kinafanya kiuno cha nyigu. Kisha nageuza boksi, nazungusha nyuzi zile zile kwa nyuma, nafunga tena huko. Pande mbili, mafundo mawili.

Hapo ndipo napitisha mkasi ukingo wa kushoto, kisha wa kulia, nikikata vitanzi vyote. Pompomu inafumuka. Na kabla ya jambo lolote, najaribu: nashika uzi mmoja, navuta kama yule mtoto. Ukija, sirekebishi. Natupa kwenye mfuko wa kujazia mito, naanza nyingine. Fundo lililolegea halikaziki ukishakata, nimejaribu kila njia.

Na uma je? Uma ni kwa pompomu ndogo, sentimita 2 au 3, za rafu ya vitabu au za mkia wa pazia. Unazungusha kwenye meno raundi 70, unapitisha uzi wa kufungia katikati ya meno, ni kazi ile ile. Sitakaa hapo, mtajaribu nyumbani usiku umeme ukikatika.

Jambo moja nisisahau. Zile ncha mbili za uzi wa kufungia, ziacheni ndefu. Msizikate! Nimesema msizikate? Nasema tena, msizikate. Ndizo zitakazofunga pompomu kwenye kamba. Nimewahi kukaa na pompomu kumi nzuri, zimekatwa vizuri, hazina mkia hata mmoja, nikabaki nazo kama mayai. Ninachofanya siku hizi, uzi wa kufungia nauchagua wa rangi tofauti kabisa na pompomu, ili mkasi usiukosee.

Haya, mkasi.

Pompomu ikishafumuka haina sura. Inafanana na mtu aliyetoka kulala. Wengi wanafika hapa wanakata tamaa, wanasema ya kwangu imekuwa mbaya, ya dukani ni nzuri. Ya dukani nayo ilianza hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba ilinyolewa.

Nilijifunza hili kwa kinyozi. Sitanii. Jirani yangu ana kibanda cha kunyoa, kijana wa miaka ishirini na kitu. Siku moja umeme umekatika, hana mteja, amekaa kwenye benchi langu akinitazama ninavyohangaika na pompomu moja nyekundu. Nakata huku, naona imezidi kule. Nakata kule, naona imezidi huku. Mwisho ilikuwa kubwa kama ndimu. Akasema, "Shangazi, wewe unazungusha mkasi. Zungusha kichwa."

Zungusha kichwa! Akachukua pompomu nyingine, akashika zile ncha mbili kwa mkono wa kushoto, ikawa inaning'inia. Mkono wa mkasi akauegemeza kwenye goti, hauendi popote. Akawa anasokota ncha kwa vidole, pompomu inazunguka polepole mbele ya mkasi, yeye anagusa tu. Ch, ch, ch. Anasimama, anaipiga piga kwenye kiganja, nyuzi zilizojificha zinatokeza, anarudia. Dakika tano. Ikatoka mviringo kama chungwa lililomenywa.

Kwa hiyo, wanaume wanne huko nyuma, mmemsikia mwenzenu. Kazi hii mnaiweza.

Kuna mambo mawili nimeongeza kwenye somo lake. La kwanza, kateni kwa ukubwa mliokusudia tangu mwanzo. Boksi langu ni sentimita 8, pompomu yangu ya mwisho ni 6. Sentimita 2 zote ni za mkasi. Ukitaka pompomu ya 6 ukazungusha kwenye boksi la 6, utamaliza na ya 4 yenye hasira. Pompomu inajaza kadiri unavyoikata, kwa sababu nyuzi fupi zinasimama wima na ndefu zinalala. Ukiona imelala upande mmoja kama nywele zilizolowa, bado hujakata vya kutosha.

La pili ni kwa wale ambao jicho haliwapi mviringo, na mimi ni mmoja wao siku nikichoka. Kateni viduara viwili vya boksi, kipenyo sentimita 6. Bana pompomu katikati yake, kama kitumbua katikati ya sahani mbili, kata kinachozidi kuzunguka. Igeuze, bana tena upande mwingine, kata. Baada ya mara tatu mviringo umeshapatikana, unamalizia kona ndogo ndogo kwa jicho.

Mabaki yake jazieni kiti cha sindano. Msiyaache sakafuni, yanaingia kwenye kila kitu. Dada yangu anasema amewahi kuyakuta kwenye mtindi.

Kuhusu mvuke. Kuna mtu ameniuliza wakati wa chai kama ni kweli mvuke unafanya pompomu ijae. Ni kweli, lakini inategemea uzi. Sufu ya kondoo inapenda mvuke, inafura. Akriliki inafura pia ukiishika juu ya birika kwa sekunde chache, umbali wa kiganja na nusu. Ukizidisha inakufa. Inakuwa laini, inalala, haisimami tena hata uipige piga mwaka mzima. Ni plastiki, imeyeyuka ukubwa wake. Hujui uzi wako ni upi? Chukua kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya sinki, kiguse kwa kiberiti. Kikinuka nywele zilizoungua na kubaki jivu la kupukutika, ni sufu. Kikinuka karatasi, ni pamba. Kikiyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi, ni akriliki. Na mkishaona ile shanga mtaelewa kwa nini koja hili halikai juu ya jiko, wala karibu na mshumaa, wala kibatari.

Pamba ninaipenda kwa kitu kingine, kwa vishada. Pompomu ya pamba ni nzito na inalegea. Kishada cha pamba kinaanguka wima kama mvua.

Vishada nitavisema kwa ufupi, maana mikono yenu tayari inavijua. Waliofika Muscat, au wenye ndugu huko, wameiona kanzu ya Kiomani: pale kolani kuna kishada kimoja kinachoning'inia, na wenyewe hukitia manukato. Kishada hicho na hiki chetu ni mtu na ndugu yake. Kipande cha boksi cha sentimita 12, raundi 30. Pitisha uzi juu, funga. Kata chini. Sasa shingo.

Shingo ndiyo inayoonyesha fundi na mwanafunzi. Mwanafunzi anazungusha uzi, anafunga fundo, fundo linaonekana kama chunusi. Fanyeni hivi. Chukueni uzi wa sentimita 50. Ncha moja ilaze juu ya kishada ikifanya kitanzi, kitanzi kikiangalia chini, ncha yenyewe ikirudi juu na kutokeza kichwani. Sasa ule mrefu uzungushe kuelekea chini, sentimita moja na nusu kutoka kichwani, raundi nane, ukibana kishada na kitanzi pamoja. Kitanzi kinabaki kimechungulia chini kidogo. Ingiza ncha ya mwisho ndani yake. Halafu nenda juu, vuta ile ncha ya kwanza. Kitanzi kinazama chini ya mizunguko, kinaburuta ncha ya mwisho nacho, zote zimejificha. Acheni kuvuta kikifika katikati! Mkivuta zaidi kitatokea juu na kazi imefumuka. Kateni ncha mbili, hakuna fundo, hakuna chunusi.

Chini kunyoosheni kwa kukizungushia karatasi kishada chote kama sigara, acha ncha zilizopishana zitokeze, kata sawa na ukingo wa karatasi. Kama nyuzi zimejikunja kwa kuwa zilikuwa kwenye sweta lililofumuliwa, zilowesheni, chaneni kwa kitana, zining'inie usiku kucha.

Mnafuatana nami? Mama wa kitenge cha zambarau, naona unakariri kwa vidole. Vizuri sana.

Sasa mlango. Hapa nina hadithi ya aibu zaidi.

Wifi yangu alihamia nyumba mpya. Nikamwambia, zawadi yako ni koja la mlango wa sebuleni. Nikatengeneza kwa mapenzi yangu yote. Katikati, kwa kuwa katikati ndipo macho yanapokwenda, nikaweka kishada kikubwa kuliko vyote, sentimita 14. Nikapigilia misumari kwenye fremu yenyewe, juu kabisa, mita 2 kutoka sakafuni. Nikaliacha koja lining'inie kwa madaha, katikati limeshuka sentimita 25. Nikarudi nyuma, nikatazama, nikasema, hapa nimeweza.

Akaja mjomba wetu. Mjomba ni mrefu, na siku hiyo alivaa kofia ya kiua. Fanyeni hesabu wenyewe. Mita 2, toa 25, toa 14. Inabaki mita 1 na sentimita 61. Mjomba alikutana na kishada kwa pua. Kofia ikabaki kwenye koja, yeye akaingia ndani. Tulicheka, naye akacheka, lakini kila aliyeingia siku ile aliinama kama anaingia pangoni, na mlango haukufungika kwa sababu pompomu zilikuwa ndani ya fremu. Jioni wifi yangu akalishusha kwa adabu, akaliweka juu ya kabati.

Kwa hiyo nikalitengeneza upya, na hili ndilo ninalotaka mlichukue kwa vipimo vyake.

Uwazi wa mlango ule ni sentimita 80. Misumari nikaihamishia ukutani, nje ya fremu, sentimita 5 kila upande, na sentimita 10 juu ya uwazi. Ukuta ni wa tofali, kwa hiyo misumari ya zege, ile migumu. Kati ya msumari na msumari sasa ni sentimita 90. Katikati nikataka ishuke sentimita 15.

Swali. Kamba ya sentimita 90 ikilegea na kushuka sentimita 15 katikati, inahitaji urefu gani? Semeni. Mita moja na nusu? Mita moja na ishirini? Mwingine? Nami nilidhani hivyo. Chukueni uzi, bandikeni kwenye mlango, ulegezeni mpaka ushuke 15, mpime. Ni sentimita 96. Sentimita 6 tu zaidi! Ndiyo maana wengi wanakata kamba ndefu, na koja linaning'inia kama kamba ya nguo iliyolowa. Kamba hulegea sana kwa nyongeza ndogo. Pimeni mlangoni kwa uzi, msipime kwa kukisia.

Kamba yenyewe nikasuka kwa nyuzi tatu za pamba, msuko wa kawaida kama wa nywele. Msuko unakula urefu, kwa hiyo nikakata kila uzi mita 2 ili nipate 96 za koja na 20 kila upande za kufungia msumarini, na kidogo cha kutupa. Akriliki peke yake kwa kamba hapana. Inavutika, na baada ya mwezi ile 15 inakuwa 20, mjomba anarudi matatizoni.

Nikaikunja kamba nikapata katikati. Hapo ikakaa pompomu ya kwanza. Kutoka hapo, kila sentimita 13 pompomu moja, tatu kushoto na tatu kulia. Jumla saba. Vishada je? Kati ya pompomu ya katikati na jirani zake sikuweka kitu. Hapo ndipo kichwa kinapopita. Vishada nikaweka kwenye nafasi zilizofuata, viwili kila upande, na kimoja kila mwisho karibu na msumari. Jumla sita. Katikati ya koja sasa ni pompomu ya sentimita 6, na chini yake ni mita 1 na 90 hivi kutoka sakafuni. Vishada vinashuka zaidi, lakini viko pembeni, na hakuna anayeingia mlangoni akiwa amejibanza ukutani. Labda wale wanne.

Kufunga pompomu kwenye kamba ni kwa shazia. Ncha moja ya pompomu inapitishwa ndani ya msuko, siyo kuuzunguka, ndani, katikati ya nyuzi zake. Ncha ya pili inapita pembeni. Funga mara mbili, kata, ufiche. Ikiwa imepita ndani ya msuko, haitelezi. Ikiwa imezunguka tu, wiki moja baadaye pompomu zote zimeteremka katikati, zimekaa pamoja zinasengenya.

Rangi sitaki kuwafundisha, kila mtu ana macho. Ninachofanya mimi, nachukua kanga ninayoipenda, nahesabu rangi zake, naangalia ipi imetawala mji na ipi imekaa kwenye pindo. Rangi ya mji naipa pompomu nne, ya pindo tatu, na ile ndogo ya maandishi naipa vishada. Aliyechora kanga ameshanifanyia kazi. Koja la wifi yangu lilitoka kwenye kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na ile nyeupe nilizungusha pamoja na nyeusi, nyuzi mbili kwa mpigo. Ikatoka kama mchele uliochanganywa na choroko. Kwa uzi wa mbili mbili, mkumbuke, raundi ni 50.

Kwa rafu mambo ni mepesi zaidi, hakuna kichwa kinachopita. Ila wenye watoto wachanga wanaoweka kila kitu mdomoni, na wenye paka, tundikeni juu. Vumbi likikaa, shusheni, kung'uteni nje. Likichafuka kweli, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, mnakamua kwa taulo bila kusokota, mnaanika kivulini.

Mjomba amerudi mara nyingi kwa wifi yangu. Anapita na kofia yake. Mara ya mwisho alisimama chini ya koja, akanyoosha kidole, akavuta uzi mmoja wa pompomu ya katikati, akinitazama. Haukuja.

Mwenyekiti, naona saa. Maboksi yako kwenye meza ile, nimeshayakatia mpasuo. Uzi wa pamba uko kwenye bakuli, na mikasi ni sita, kwa hiyo kaeni wawili wawili. Wanaume wanne, anzeni kunyoa hizi nne nilizokwisha kufunga. Na tafadhali, ncha ndefu za bluu msiziguse.